Saa ndogo ya kike ya kuvaa rasmi: nitajuaje kama mashine iliyomo ndani ni dhaifu?

Mwanakisauni

Assalamu alaikum, na shikamooni wakubwa. Mama yetu anastaafu ualimu mwezi wa Disemba, na sisi watoto wake tumechanga shilingi 45,000 ili tumnunulie saa ya mkononi ya heshima, ya kuvaa harusini na kwenye hafla. Mkono wake ni mwembamba, mzunguko wa kifundo ni sentimita 14.5, na mwenyewe amekwisha kusema kwamba hataki kufungwa sahani mkononi. Kwa hiyo tumekuwa tukitazama saa ndogo tu.

Kinachonitia wasiwasi ni saa aliyokuwa nayo zamani. Ilikuwa ndogo, nyembamba na ya kupendeza, lakini haikupita miezi michache bila kubadilishwa betri, na hata ikiwa na betri mpya ilikuwa ikichelewa. Fundi aliyeifungua mara ya mwisho aliniambia kwamba saa za kike hutiwa mashine ndogo kwa sababu kasha halina nafasi, na kwamba mashine ndogo ni dhaifu, basi. Sikujua kama alikuwa akinieleza ukweli au akitaka tu kuniondoa dukani.

Tumebakiza tatu. Ya kwanza ni otomatiki ya Uswisi iliyokwisha kutumika, ya duara, upana wa milimita 26 na unene wa milimita 9, kwa shilingi 42,000. Ya pili ni mpya, ya betri, umbo la mstatili, milimita 16 kwa 24, nyembamba sana, imepakwa dhahabu na haina akrabu ya sekunde, kwa shilingi 28,000. Ya tatu ni ya Kijapani, ya betri, ya duara, upana wa milimita 29, ina akrabu ya sekunde, kwa shilingi 19,500. Ya pili ndiyo inayonivutia macho, na ndiyo ninayoiogopa zaidi. Naomba ushauri wenu.

Mzee wa Kibokoni

Wa alaikumu salaam, binti yangu. Fundi wako hakukudanganya. Nimevaa saa tangu ujana wangu, na marehemu mke wangu alikuwa na mbili ndogo za otomatiki, zote zilikuwa za kusumbua. Otomatiki ya kike usiitie mkononi hata ukipewa bure. Ama za betri, dawa yake ni moja tu: uliza idadi ya vito. Ikiwa na vito 17 au zaidi, chukua. Ikiwa haina vito, ni mchezo wa watoto, hata iwe imepakwa dhahabu namna gani.

Mja wa Likoni

Dada, mimi nakushauri uachane na hiyo iliyopakwa dhahabu. Jasho la huku kwetu na upepo wa bahari huila rangi ya dhahabu mpaka shaba ikaonekana. Yangu ilianza kuchubuka pembezoni, pale mkanda unaposhikana na kasha, kabla hata mwaka haujaisha. Tafuta chuma kisichoshika kutu, utakuja kunishukuru.

Mwanakisauni

Ahsante, ndugu yangu, ingawa swali langu lilihusu mashine zaidi kuliko rangi. Hata hivyo nimelizingatia. Mzee, shikamoo tena. Muuzaji wa ile otomatiki anasema ina vito 25. Je, hilo halibadilishi kitu?

Kamani

Dada, nimekuwa nikifungua saa kwa muda mrefu, nyingi zikiwa za kina mama, na ningependa tulitenganishe jambo hili vizuri, kwa sababu fundi wako na Mzee wetu wamesema kweli kwa nusu.

Kwa saa ya kujazwa, iwe kwa mkono au otomatiki, udogo una gharama ambayo hakuna kiwanda kinachoweza kuikwepa. Nguvu yote hutoka katika kamani, na kamani ni utepe wa chuma uliokunjwa ndani ya kopo. Kopo likiwa dogo, utepe ni mfupi na mwembamba. Kinachogawa wakati ni gurudumu la mizani, lile linalokwenda na kurudi. Gurudumu pana na zito halitikiswi ovyo na mkono unapopungwa, kama vile pia kubwa ya kuchezea isivyoyumba haraka kama pia ndogo. Ukilipunguza gurudumu mpaka nusu kwa kila upande, bila kubadilisha umbo lake, ule ukaidi wake wa kuendelea na mwendo wake haushuki kwa nusu, bali hushuka mara 32. Ndiyo maana saa ndogo ya kujazwa huonyesha upesi kila kosa: mafuta yakikauka kidogo, au ukiilaza ubavu badala ya kuilaza chali, inabadilisha mwendo.

Lakini hilo halimaanishi kwamba mtengenezaji hana njia. Tazama vipimo hivi. Mashine ya ETA 2824, ambayo imejaa katika saa za kiume, ina upana wa milimita 25.6 na unene wa 4.6. Ndugu yake wa kike, ETA 2671, ina upana wa milimita 17.2, yaani eneo lake halifiki hata nusu, lakini unene wake ni milimita 4.8. Umeona? Imepunguzwa upana, ikaongezwa unene. Zote mbili hupiga mara nane kwa sekunde, na zote mbili zikijaa hukaa zaidi ya siku moja na nusu. Kampuni iliyotaka mashine ndogo isiyo dhaifu ilikubali iwe nene.

Kwa hiyo otomatiki yako ya kwanza, milimita 26 kwa 9, ina vipimo vinavyoaminika. Hesabu mashine yenyewe, nafasi ya akrabu, kioo na kifuniko cha nyuma, na hiyo tisa inaeleweka. Kama muuzaji angekuambia ni otomatiki ya bei hiyo, yenye upana wa milimita 22 na unene wa sita, ningekwambia uondoke. Nyembamba na ndogo kwa pamoja zipo, ila hazipatikani kwa fedha hizo. Jaeger-LeCoultre walitengeneza mwaka 1929 mashine yao iitwayo 101, yenye urefu wa milimita 14, upana wa 4.8 na unene wa 3.4, yenye uzito wa gramu moja hivi. Malkia Elizabeth wa Uingereza aliivaa siku ya kutawazwa kwake mwaka 1953. Hata hiyo si otomatiki, hujazwa kwa mkono, na bei yake tusiizungumze hapa.

Kuhusu vito, Mzee aniwie radhi. Vito hupunguza msuguano pale ekseli zinapozunguka kwa nguvu, na katika saa ya kujazwa vina maana kubwa, lakini vikishatosha, kuongeza zaidi hakuifanyi saa iwe bora. Katika saa ya betri nguvu inayopita kwenye magurudumu ni ndogo mno. Mashine ya Miyota 2035, ambayo pengine mmeivaa nyote bila kujua, haitegemei vito kabisa, na hufanya kazi miaka mingi.

Mzee wa Kibokoni

Mwanangu, mimi sikuvaa vipimo, nilivaa saa. Zile mbili za mke wangu zilikuwa zikisimama usiku, na kila asubuhi zikatiwa wakati upya. Hilo nalo utalieleza kwa unene?

Kamani

Shikamoo, Mzee. Hilo ni jambo la kweli, na linamhusu mama wa dada yetu moja kwa moja. Otomatiki hujazwa na uzito wa nusu duara unaozunguka mkono unapotikisika. Katika mashine ya milimita 17 uzito huo ni mdogo, na kila mzunguko wake unaiingizia kamani kidogo tu. Mtu anayetembea na kufanya kazi kwa mikono ataijaza. Mtu anayekaa ofisini, au mama anayevaa saa kwa saa tatu harusini kisha akairudisha kabatini, hataijaza. Saa itasimama, na watu watasema ni mbovu, kumbe haikupata chakula. Tena, zipo otomatiki za bei nafuu ambazo haziwezi kujazwa kwa kifungo cha pembeni, na hizo kwa mvaaji wa namna hiyo ni mateso.

Ndiyo maana, dada, wasiwasi wangu kuhusu ya kwanza hautoki kwenye mashine. Unatoka kwenye matumizi, na kwenye kutojua mara ya mwisho ilipooshwa na kutiwa mafuta ni lini. Muombe muuzaji uijaribu. Zungusha kifungo mara 30 hivi, ilinganishe na simu, ilaze chali mezani siku nzima, kisha uandike tofauti. Ijaze tena, uisimamishe kwa ubavu siku nyingine nzima, uandike. Kwa saa ya ukubwa huo, mimi sishtuki nikiona sekunde 15 kati ya mkao mmoja na mwingine. Ikiwa ni dakika nzima, au ikisimama kabla ya saa 30 kupita, basi mafuta yamekauka au kamani imechoka, na gharama ya kuifungua inabidi uiongeze kwenye zile 42,000.

Kipepeo wa Nyali

Samahani kwa kuingilia. Mimi naona tatizo limeanzia kwenye imani kwamba mwanamke lazima avae saa ya milimita 20. Navaa ya milimita 34 na mkono wangu si mkubwa. Nunua saa kubwa kidogo, upate mashine kubwa, mjadala uishe.

Kamani

Dada Kipepeo, njia hiyo ni nzuri, ila haina uhakika unaoudhani. Viwanda vingi huweka mashine ileile ndogo ndani ya kasha kubwa na kuishikilia kwa pete ya plastiki. Saa ikiwa na kidirisha cha tarehe, utaitambua bila kuifungua: kidirisha kitakuwa kimesogea kuelekea katikati ya uso, mbali na ukingo, kwa kuwa sahani ya tarehe iko ndani ya mashine na haiwezi kuwa pana kuliko mashine yenyewe. Pete si dhambi. Inakuwa tatizo pale mashine ndogo inapopewa akrabu ndefu au nzito za mapambo, na hapo betri ikianza kuchoka utaiona akrabu ya sekunde ikitetemeka pahali pamoja, mara nyingi karibu na tisa, kwa sababu hapo ndipo inapopanda mlima.

Kipepeo wa Nyali

Nimeitazama yangu sasa hivi. Kidirisha cha tarehe kiko nusu ya njia kabisa, kimekata hata namba ya tatu. Haya, nimejifunza.

Mwanakisauni

Na je, zile mbili za betri? Nilirudi Biashara Street leo, na muuzaji alikuwa muungwana, akazifungua zote mbili mbele yangu. Ya mstatili ina betri iliyoandikwa SR416SW. Ya Kijapani ina SR626SW, na mashine yake imezungukwa na pete nyeupe ya plastiki kama ulivyosema. Akaniambia betri ni betri, na kwamba hiyo ndogo akikosa atanitilia nyingine inayokaribiana.

Kamani

Umefanya jambo la maana kuliko kusoma maandishi ya mbele ya saa. Betri hizo zinajieleza zenyewe ukijua kuzisoma. 626 maana yake ni upana wa milimita 6.8 na unene wa milimita 2.6. 416 ni upana wa milimita 4.8 na unene wa 1.6. Ukipiga hesabu ya ujazo, ile kubwa inaizidi ndogo zaidi ya mara tatu, na umeme unaohifadhiwa unafuata ujazo huo kwa karibu. Hapo ndipo udogo unapouma katika saa ya betri. Kugawa wakati si tatizo, kwa sababu kile kijiwe cha kwatzi kinachotetema ndani ni kidogo hata katika saa kubwa. Uhaba uko kwenye betri, na kwenye mota ndogo inayosukuma akrabu.

Mtengenezaji mwaminifu hulijua hilo, akapunguza matumizi. Kuondoa akrabu ya sekunde ni njia mojawapo: badala ya mota kupiga hatua 60 kwa dakika, hupiga chache tu, na akrabu ya dakika huruka baada ya sekunde kadhaa. Kwa hiyo kukosekana kwa akrabu ya sekunde katika saa yako ya mstatili ni dalili njema, usiichukulie kama ubahili. Hasara yake ni kwamba hutapata ile ishara ambayo baadhi ya saa hutoa betri inapokaribia kuisha, ya akrabu ya sekunde kuruka nne nne. Itasimama tu, na pengine siku ya harusi.

Sasa kuhusu "betri ni betri". Herufi za mwanzo zina maana. SR ni betri ya madini ya fedha, na volti yake, 1.55, hukaa palepale karibu mpaka mwisho. LR ni ya alkalini, ile inayouzwa kwenye kadi ya kumi kumi na kuandikwa AG4 au AG1. Huanza na volti 1.5, kisha hushuka polepole, ina umeme mchache, na ikiisha ikasahaulika ndani huvuja na kuila mashine. Saa kubwa huvumilia. Mashine ndogo, ambayo nguvu yake ni ya kubahatisha tangu mwanzo, huanza kuchelewa. Sikuiona saa ya zamani ya mama yako, lakini saa ya betri iliyo nzima, yenye betri sahihi, haimalizi betri kwa miezi michache. Ama ilikuwa ikitiwa AG, ama ina uchafu unaoifanya mota ivute umeme zaidi. Mashine yake huenda haikuwa dhaifu hata kidogo. Uliza ile betri ya mwisho iliandikwa nini.

Na wala asikutilie "inayokaribiana". Betri nene kuliko nafasi yake hukikunja kile kibati kinachoishika, na nyembamba huguswa na kuachwa, saa ikawa inakwenda na kusimama.

Mwanakisauni

Nimeitafuta saa hiyo ya zamani kwenye kisanduku cha Mama. Betri iliyomo imeandikwa AG1, na pembeni pana unga mweupe.

Kamani

Basi hilo ndilo lililoila. Huo unga ni wa betri iliyovuja. Wakati mwingine huweza kusafishwa, wakati mwingine nyaya za koili zimekwisha kukatika, na hapo kinachofanyika ni kubadilisha mashine nzima, kazi ambayo kwa saa ya betri si ghali ikiwa namba ya mashine inasomeka.

Mzee wa Kibokoni

Mimi bado nasema, kama mama ni mtu wa kutulia, mtafutieni ya kujazwa kwa mkono, ya zamani, ndogo. Haina betri ya kuvuja wala uzito wa kuzunguka. Anaijaza asubuhi ya harusi, anatoka. Kina mama wa zamani walivaa hizo, na walifika kwa wakati.

Kamani

Sikupingi kwa matumizi, Mzee. Kwa mvaaji wa siku moja moja, ya kujaza kwa mkono ina akili kuliko otomatiki. Naogopa mambo mawili tu. Nyingi za zamani hazina kinga ya mtikisiko kwenye ekseli ya mizani, na ekseli hizo ni nyembamba kiasi kwamba saa ikianguka sakafuni kwenye vigae, imekwisha. Pili, mafundi wenye macho na subira ya kuzifanyia kazi wanapungua hapa mjini. Ukimpata mmoja, mshike.

Mwanakisauni

Hapa nyumbani tumegawanyika. Kaka yangu anataka otomatiki, dada zangu wanataka ya mstatili, mimi sasa naelekea kwenye ile ya Kijapani, lakini nikifikiria milimita 29 kwenye mkono wa Mama nasita. Je, itaonekana sahani?

Kipepeo wa Nyali

Usipime upana wa uso peke yake, pima urefu kutoka ncha ya juu ya kasha mpaka ncha ya chini, pale mkanda unapoanzia. Mkono wa sentimita 14.5 una kama milimita 45 au 50 za kulalia saa. Ikiwa urefu huo ni milimita 35 au chini, nyembamba, na uso wake hauna ukingo mweupe mpana, itaonekana ndogo. Muombe muuzaji akuazime uende nayo ukamfungie shangazi yako mwenye mkono kama wa Mama.

Kamani

Nakubaliana naye. Na kabla hujalipa hiyo ya Kijapani, kivute kifungo cha pembeni taratibu na ukitikise kwa kidole. Kwa kuwa mashine imekaa ndani ya pete, kijiti kinachoiunganisha na kifungo ni kirefu, na kikicheza sana ujue pete haikushika. Kisha tazama akrabu ya sekunde kwa dakika mbili nzima: iangukie juu ya alama kila mara, hasa upande wa kupanda kutoka saba hadi kumi.

Ukichagua ya mstatili bado si makosa, madhali umepata uhakika wa SR416SW na hukubali mbadala. Tarajieni kubadilisha betri mapema zaidi, na itolewe ikiwa saa itakaa kabatini msimu mzima.

Mwanakisauni

Nitaenda Jumamosi na tepu ya kupimia. La mwisho: zote mbili zimeandikwa mita 30 nyuma. Mama atawadha nayo?

Kamani

Hapana. Mita 30 kwa saa ya namna hii ni matone ya mvua na kunawa mikono kwa bahati. Mpira uliomo kwenye kifungo ni mwembamba kama uzi, na kwa joto na chumvi ya huku hukauka mapema. Aivue anapotawadha, na kila betri inapobadilishwa mwambieni fundi abadilishe na mpira wa kifuniko, maana wengi huurudisha uleule uliokwisha kulala.